Sivii ya mpishi isiyo na namba mi naiweka pembeni

Mi ni su shefu kwenye hoteli ya ufukweni huku Zanzibar, na kila mwaka kabla wageni wa Julai na Agosti hawajaanza kumiminika napewa rundo la sivii nizichambue, shefu mkuu azione chache tu. Nyingi unaweza kudhani zimeandikwa na mtu mmoja. "Nina uzoefu wa miaka 6 wa kupika vyakula mbalimbali vya kimataifa, ni mchapakazi, naweza kufanya kazi kwenye presha." Sawa, lakini presha ya watu wangapi? Jiko gani? Ulisimama wapi humo jikoni? Mtu anaweza kuwa mpishi mkali kweli na mi nikampita kwa sababu karatasi yake haijaniambia kitu.

Tuchukue mfano. Mpishi wa ngazi ya chini, tunayemwita komii, katoka hoteli ya vyumba 60, kaandika tu "nilikuwa komii kwenye hoteli ya nyota nne". Nyota hazipiki. Angeandika hivi ningemuita siku hiyohiyo: "Hoteli ya vyumba 60, jiko moja kuu, wapishi 11 kwa shifti mbili. Brekfasti ya bufee wageni 120, chakula cha usiku 120, mchana oda za mezani kama 40, pamoja na chakula cha wafanyakazi 90. Mimi nilikuwa grili shifti ya jioni na mwenzangu mmoja." Hapo naiona kazi yake. Vyumba 60 watu wawiliwawili ni 120, hesabu inakubali. Siku nzima sahani 370, wapishi 11, inaingia akilini, na najua huyu jioni alikuwa anasukuma nyama na samaki wa watu 120 akiwa na mwenzake mmoja.

Na usidhani namba kubwa ndo inakubeba, maana tunazidisha na kugawanya wakati tunasoma. Ukiniandikia oda za mezani 500 kwa siku halafu jiko lina wapishi watatu na jiko la gesi la vichwa vinne, nacheka kidogo nageuza ukurasa. Lakini hiyohiyo 500 kwenye kantini au kambi ya wafanyakazi, wali, maharage, mboga na nyama kwenye masufuria makubwa, inawezekana kabisa na ni ujuzi wa aina yake. Kwaiyo karibu na namba sema chakula kilitoka vipi, kama ni bufee, oda, kantini au harusi. Sema pia ni namba ya msimu upi, maana huku Aprili na Mei mvua za masika zikishika hoteli inaweza kubaki na wageni wa kuhesabu, ukiandika ya Agosti peke yake ukaulizwa ya Mei usianze kutafuta dari.

Upande wa aina za vyakula ndo watu wanajimaliza. "Kiitaliano, Kichina, Kihindi, Kimeksiko, Kiswahili, Kifaransa", mstari mmoja, mtu ana miaka 24. Mi nikiona hivo nauliza Kihindi gani, na mara nyingi jibu ni chapati na kuku wa tanduri basi. Bora uandike viwili au vitatu ulivyovishika na utaje vyakula vyenyewe: pweza wa nazi, biriani ya samaki, kukanda tambi mbichi, kuandaa viungo vya kuku wa tanduri kuanzia mwanzo. Ulivyosaidia tu andika umesaidia, hakuna atakayekucheka, jikoni kila mtu alianza kwa kumenya vitunguu.

Usalama wa chakula sasa. Wengi wanaandika "nina ujuzi wa HACCP", ule mfumo wa kudhibiti hatari kwenye chakula, wanaishia hapo, cheti kiwepo kisiwepo. Cheti kitaje na mwaka wake, hasa kama unaomba Dubai ambako biashara ya chakula inatakiwa iwe na msimamizi mwenye cheti cha usalama wa chakula. Lakini mi nataka kujua ulifanya nini kwa mikono yako. Kwenye usaili huwa nauliza swali moja: umepika supu lita 40, ni ya kesho, unaipoozaje? Anayejibu "naiacha ipoe halafu naweka friji" tunaagana vizuri. Lita 40 kwenye sufuria moja katikati inabaki ya uvuguvugu masaa na masaa na hapo ndo bakteria wanafanya sherehe. Unaigawa kwenye trei za kina kifupi au unaizungushia barafu, ishuke kutoka nyuzi 60 mpaka 21 ndani ya masaa mawili, halafu mpaka 5 ndani ya manne yanayofuata, unapima kwa kipimajoto unaandika. Kama ulifanya hiyo kazi, mstari wake ni huu: "Nilisimamia upoozaji wa supu na michuzi, na kujaza daftari la joto la friji 4 mara mbili kwa siku."

Ila jiandae kuulizwa hilo daftari maana tunajua madaftari ya uongo. Ukurasa mzima nyuzi 4, 4, 4, 4, kalamu moja, mwandiko mmoja, hiyo imejazwa mwisho wa wiki na mtu aliyekaa kwenye kreti ya soda. Friji ya kweli asubuhi inasoma 3, mzigo ukiingia na mlango ukifunguliwa-funguliwa inapanda 6 au 7, na pembeni kuna maelezo kwamba ilipimwa tena baadae ikawa imeshuka.

Stoo nayo, "nilifanya stoku kontro" haitoshi. Shefu anataka mtu anayejua hela inapotelea wapi. Tuseme umepokea nguru mzima wa kilo 10 kwa 12,000 kilo, ni 120,000. Toa kichwa, mifupa na ngozi, nyama safi imebaki kilo 6. Sasa hiyo nyama kilo yake ni 20,000, siyo 12,000 tena, na kipande cha gramu 180 kinasimama 3,600. Mpishi aliyepiga kwa bei ya sokoni atakwambia 2,160, na kwenye sahani 50 tayari 72,000 imeyeyuka bila mwizi yeyote kuingia. Ukiandika "nilipima mzigo wakati wa kupokea, nikahesabu nyama inayobaki baada ya kukata samaki, na kuhesabu stoo kila Jumapili" nitajua unaelewa.

Kuna wanaosema hoteli haikuwapa namba. Kava za jana usiku, yaani idadi ya wageni waliohudumiwa, zipo kwa kapteni wa wahudumu, na karatasi za oda umezitundika mwenyewe, zihesabu wiki moja upate wastani. Mapato ya hoteli na resipi zao hizo usiziweke, sitaki mtu atakayekuja kutoa na zetu.

Alafu hili linaniuma. Kuna madada wanaomba ukomii wamepika mama ntilie miaka na hawaandiki kabisa, wanaona aibu, wanajaza "msaidizi wa biashara ya familia". Dada yangu, andika: "Mgahawa mdogo, majiko 3 ya mkaa, wapishi 2, sahani 80 za mchana kila siku. Wali, ugali, maharage, samaki wa kukaanga, pilau Ijumaa. Nilinunua sokoni kila alfajiri na kupanga kiasi ili chakula kisilale." Huyo mi namuita kabla ya yule wa vyakula mbalimbali vya kimataifa.