Kipindi cha kujiuliza kiwekwe kesho yake

Nilikuwa narudia noti mara nne, mara tano, mpaka naweza kutaja neno linaloanza aya inayofuata kabla sijaifikia. Halafu naingia kwenye mtihani, swali linakuja, na kinachonijia kichwani ni upande wa ukurasa na rangi ya wino. Jibu lenyewe silioni. Nilidhani sina akili ya kukumbuka. Leo naamini tatizo lilikuwa kwamba macho yangu yaliizoea karatasi, nami nikadhani kuizoea ndiko kujua.

Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilikisoma kifungu kwa vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, na vitatu vilivyobaki likawa linaandika kila linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki mambo yakapinduka: wao walibaki na asilimia 40, wenzao 61. Hizo dakika 5 ndizo zinazotudanganya usiku tunapofunga daftari na kujiona tumeiva.

Chukua safari ya damu ndani ya moyo. Ukiwa na mchoro mbele yako, kila mshale unaonekana wa kawaida kabisa. Sasa ufunike, chukua karatasi tupu, uandike kuanzia damu inaporudi kutoka mwilini. Mimi niliandika: vena kava, atiria ya kulia, ventrikali ya kulia, kisha nikaandika “vena ya mapafu”. Nilikuwa nimeupita mshale huo mara nyingi bila kugundua kwamba siujui. Damu hutoka moyoni kwenda mapafuni kwa ateri ya mapafu, ingawa haina oksijeni nyingi, kwa sababu jina la ateri hufuata mwelekeo wa kutoka moyoni. Kosa hilo nililisahihisha kwa kalamu nyekundu na halijarudi tena. Kurudia kusoma kusingelifichua, maana mchoro ulikuwa unanijibia kabla sijajiuliza.

Sasa ratiba, na hapa ndipo naona wengi wanaharibu. Wanasoma Jumatatu jioni, wanafunga daftari, wanajiuliza palepale, wanapata yote, wanafurahi. Kipindi hicho ni rahisi kwa sababu maneno bado yanasikika masikioni. Mimi Jumatatu nasoma ili nielewe tu, na nikimaliza naandika maswali matano au sita nyuma ya daftari. Majibu siandiki. Jumanne, kabla sijagusa mada mpya, natoa karatasi tupu na kuyajibu kwa dakika 15, kisha nafungua noti na kusahihisha. Ijumaa nayarudia, na Jumatano ya wiki inayofuata tena, kwa dakika 10 hivi. Kwa mpangilio huo kila siku inaanza na maswali ya jana na kuishia na usomaji wa leo, hata ukiwa na masomo sita.

Ijumaa usiyaache maswali uliyoyapata Jumanne. Hili nalisisitiza kwa sababu linakwenda kinyume na hisia zetu, na ushahidi wake umetoka kwenye lugha yetu wenyewe. Mwaka 2008 watafiti haohao waliwafundisha wanafunzi wasiojua Kiswahili jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza. Walioendelea kuulizwa maneno yote, hata waliyokwisha kuyapata, walikumbuka asilimia 80 hivi baada ya wiki. Wale ambao neno liliondolewa kwenye maswali mara tu walipolipata mara moja walibaki na kama theluthi, hata pale walipoendelea kulisoma kwenye orodha.

Kuna hali moja ambapo narudi kwenye noti bila kusita. Nikikaa mbele ya karatasi tupu na kupata chini ya nusu ya maswali, najua sikuelewa, na kuendelea kujikamua hakutanipa kitu ambacho hakikuingia. Hapo nasoma upya, polepole, na badala ya kungoja Ijumaa najiuliza tena kesho yake. Nikipata yote bila kufikiri, nafanya kinyume: nasukuma kipindi kinachofuata mbele kwa siku kadhaa. Na kama jibu limekuja baada tu ya kuchungulia, hata neno moja, nalihesabu kuwa kosa na kulitia alama nyekundu kama mengine.