Barua moja haitoshi makarani sita

Jumanne iliyopita nilimkuta karani wetu wa utafiti amesimama kando ya mto Mathare, tableti mkononi ikiwa na chaji asilimia 94, hojaji kumi za karatasi begini endapo tableti itazima, na tangu asubuhi amehoji nyumba tatu tu. Barua ya utambulisho alikuwa nayo msimamizi, kule juu Juja Road. Imenikera sana. Timu ya watu sita, na kwenye orodha ya vifaa imeandikwa: barua, 1.

Wanaoishi ukingoni mwa mto wana sababu ya kuuliza barua. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa karibu na maji. Leo mgeni akipita anahesabu milango huku anabofya kioo, watu wanaona ubomoaji unarudi. Mama mmoja alimwuliza karani, "Kijana, nani amekutuma, na chifu anajua?" Akaonyeshwa picha ya kibali cha utafiti kwenye simu. Hakuridhika. Alitaka karatasi yenye muhuri, aishike.

Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, ni lazima, nacho chenyewe kinakutaka umjulishe kamishna wa kaunti kabla ya kuanza. Kutoka hapo unashuka ngazi: naibu kamishna wa kaunti ndogo, kisha chifu, kisha naibu wake. Sawa, inakula siku kadhaa, na nimewahi kurudishwa kwa sababu bosi hayupo. Lakini mlangoni muhuri unaotambulika ni wa chifu wa hapo, si wa lokesheni jirani. Kwa hivyo ukiupata, toa nakala, kila karani awe na yake ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kitambulisho cha kazi.

Kinachoniuma zaidi ni data. Karani yule alibisha nyumba kumi, saba zikamkatalia, naye akajaza "amekataa". Wenzake walikataliwa na nyumba moja au mbili kila mtu. Ukiona kukataliwa kumerundikana kwa karani mmoja au kwa mstari mmoja wa nyumba, uliza kwanza alibeba nini. Usikimbilie kumbadilishia nyumba za jirani: ukifanya hivyo unawatoa kwenye sampuli walio karibu na mto, na huenda hao ndio uliowajia.

Mengine ni mepesi. Pawabenki na waya wake, betri za akiba za kinasa sauti, fomu zipakuliwe kabla ya kutoka ofisini.

Jumatano tulirudi kwenye nyumba zile saba na nakala zenye muhuri, tukiwa tumeongozana na mzee wa mtaa. Tano zilikubali. Yule mama alimwita jirani amsomee jina la chifu, akaisikiliza barua mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akatoka na kigoda.