Ripoti ya tukio: tenganisha kilichotokea na sababu yake

Katika kiwanda chetu kidogo cha mikate, watu watatu waliungua mikono ndani ya miezi minne, wote mbele ya oveni ileile. Ripoti zilikuwepo. Ya kwanza ilisema tu "uzembe". Ya pili ilijaza ukurasa mzima bila saa wala tarehe. Ya tatu iligusia glavu kwa neno moja. Nilipozipanga mezani sikuweza kuzilinganisha, kwa sababu kila mwandishi alikuwa amejibu swali lake mwenyewe.

Sasa tuna fomu ya ukurasa mmoja yenye vichwa sita: Lini na wapi, Nani alikuwepo, Kilichotokea, Vifaa na hali yake, Sababu, Hatua. Mpangilio haubadiliki hata tukio likiwa dogo. Palipokosa jibu huandikwa "haihusiki" au "bado hatujui", maana nafasi tupu haimwambii msomaji kama mwandishi alilifikiria swali au alilisahau.

Wenzangu walitaka Sababu ije mwanzoni, kwa kuwa ndiyo bosi anayoitafuta. Nilikataa, na bado nakataa. Mtu akishaandika "uzembe" juu, yote yanayofuata huyaandika ili kuutetea uzembe huo. Kwetu, Kilichotokea hubeba yale tu yaliyoonekana: "Saa 11:20 alfajiri alitoa trei kwa mikono miwili, akaiachia. Kiganja cha kulia kimeungua. Aliweka mkono kwenye maji ya bomba kwa dakika 20." Sababu hujazwa kesho yake, msimamizi wa zamu akiwa ameketi na aliyeumia.

Tukio hilo lilikuwa la nne, na jibu likatoka kwenye kichwa nilichodhani hakina uzito. Chini ya Vifaa na hali yake paliandikwa: "Glavu za kitambaa, zimelowa, zilitumika kufutia meza." Kitambaa kikavu hukinga kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake. Maji yakichukua nafasi ya hewa, joto la trei hupita upesi na kufika kwenye ngozi. Niliwauliza wale watatu wa mwanzo. Wawili walikumbuka kwamba glavu zao zilikuwa na majimaji.

Kwenye Hatua tumepiga marufuku "wafanyakazi wawe makini". Lazima pawe na kazi inayoonekana, mtu mmoja na siku. Safari hiyo iliandikwa: glavu zining'inizwe kando ya oveni, vitambaa vya meza viwe vya rangi nyingine, mhusika msimamizi wa zamu ya usiku, kabla ya Ijumaa.

Kulikuwa na kichwa cha saba, Kiwango cha hatari. Nilikifuta baada ya kuona kila mtu anaandika "wastani". Nafasi yake nikaipa Kilichotokea, ambako mistari ilikuwa haitoshi.