Barua ya uhamisho wa Mbeya

"Mwajiri kanipa barua ya uhamisho kutoka Tanga kwenda Mbeya, niripoti ndani ya siku saba. Siwezi kwenda. Wenzangu wanasema nikiacha kazi nimejiuzulu mwenyewe, sina haki yoyote. Ni kweli?"

Hao wenzako wamekariri nusu ya sheria. Katika sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhesabu aliyejiuzulu kuwa ameachishwa kazi, iwapo mwajiri ndiye aliyefanya kazi isivumilike. Saini kwenye barua ya kuacha kazi haimalizi swali. Anayeamua huuliza pia ni nani aliyemfikisha mtu hapo.

Mwajiri naye ana hoja. Tawi jipya linahitaji mtu anayeijua kazi, na mtu huyo huenda yuko Tanga. Kama mkataba unasema mfanyakazi atapangiwa kituo chochote nchini, akapewa muda wa kujiandaa, nauli ya familia na gharama ya kusafirisha mizigo, sioni namna ya kuuita uhamisho huo kufukuzwa. Umbali peke yake hautoshi, hata ukiwa wa karibu kilomita elfu moja.

Lakini tumchukue karani wa stoo anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Mkataba wake umeandikwa "Kituo cha kazi: Tanga", basi. Watoto wanasoma Makorora, mkewe ana genge Ngamiani. Barua inampa siku saba, haitaji nauli wala posho ya kujikimu. Akienda, mshahara uleule utalipa kodi ya nyumba mbili, na genge likifungwa kipato cha pili kimekwisha.

Hapa kuna kifungu ambacho nadra kusikia mtu akikitaja. Mahali pa kazi ni miongoni mwa mambo ambayo mwajiri anatakiwa kuyaandika katika maelezo ya ajira, na yakibadilika, anatakiwa ashauriane na mfanyakazi, ayarekebishe, kisha amjulishe kwa maandishi. Neno ni "ashauriane". Barua iliyokwisha kusainiwa, ikakabidhiwa Ijumaa jioni, haijamshauri mtu. Mwajiri aliyeita kikao, akasikia habari ya watoto na genge, akaongeza muda hadi shule zifungwe, amefanya jambo tofauti kabisa, hata kama mwishoni jibu lake ni lilelile. Na mwajiri akishindwa kuonyesha maelezo hayo ya maandishi mbele ya mwamuzi wa mgogoro, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye.

Sasa kwa nini wengi wanaoacha kazi hivi hushindwa? Kwa sababu kwenye kulazimishwa kujiuzulu, mfanyakazi ndiye anayeanza kuthibitisha kwamba hali haikuvumilika na kwamba mwajiri ndiye chanzo. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka pia awe ametumia njia zilizopo za kupeleka malalamiko, isipokuwa ana sababu nzuri ya kutozitumia. Karani wetu akiandika kwa hasira siku hiyohiyo, tena kwa adabu zetu za pwani, "naacha kazi kwa sababu za kifamilia, nashukuru kwa ushirikiano", amempa mwajiri ushahidi wote anaouhitaji. Barua hiyo fupi inaniuma kuliko yote, maana mwenye haki anaizika kwa mkono wake.

Aanze na barua ya malalamiko. Ataje kituo kilichomo katika mkataba, aeleze familia yake, aombe mashauriano, muda zaidi na gharama za uhamisho. Nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakati anasubiri aendelee kuripoti kazini Tanga na aandike kwamba yupo tayari kufanya kazi, kwa kuwa utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika unaweza kumfukuzisha. Akijibiwa "nenda au acha", au wiki zikapita kimya huku amezuiwa getini, hapo barua ya kujiuzulu iseme wazi: naacha kwa sababu mmebadilisha kituo changu bila kunishauri, nimelalamika tarehe fulani, hamkunisikiliza.

Kuanzia hapo ana siku 30 kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu CMA F1. Akichelewa, ataanza kwanza kuomba kuongezewa muda.

Ipo njia nyingine, nami ningemshauri aifikirie kabla ya kuacha kazi: kubaki kazini na kupeleka mgogoro wa uvunjaji wa mkataba, ndani ya siku 60. Akishindwa huko, hajapoteza ajira kwa barua yake mwenyewe. Ila kama tayari amefungiwa geti na mshahara wa Tanga umesimamishwa, sitamlaumu akijiuzulu, wala sitakubali aambiwe aliondoka kwa hiari.