Mbwa wa Juma Wamekwenda Wapi?

Wiki iliyopita nilisoma hadithi fupi kumi na moja za vijana wanaojifunza kuandika. Tisa zilianza na mtu anayekimbia. Anatweta, viatu vimemtoka, mbwa wanabweka nyuma yake. Haya, moyo umenienda mbio. Aya ya pili: Juma alizaliwa mwaka 1994, mtoto wa tano kati ya saba. Jamani! Na mbwa je? Wameketi wakimsubiri amalize darasa la saba?

Si lazima hadithi ianzie katikati, hilo nalikubali shingo upande. "Hapo zamani za kale" imetulea vizuri tu. Lakini ukishamtupa msomaji katikati ya vurugu, usimtoe nje umsomee wasifu.

Lugha yetu inabeba historia nyingi ndani ya neno moja. Tazama:

"Wifi, fungua. Nina mtoto."

"Usiku huu?"

"Usiwashe taa. Kaka yako akija, hujaniona."

Sijaeleza kitu. Lakini "wifi" imeshakwambia hawa ni wanawake wawili waliounganishwa na ndoa, na "kaka yako" imekwambia anayebisha ndiye mke. Amemkimbia mumewe, akaenda kwa dada wa huyo huyo mume! Kwa nini hakwenda kwao? Swali hilo liache lining'inie hadi ukurasa wa pili, pale wifi mwenyewe atakapochoka na kuliuliza.

Kinachocheleweshwa kiwe sababu. Nani yuko wapi na nani, hayo yajulikane mapema. Mimi niliwahi kuandika ukurasa mzima wa "alisimama, akageuka, akachomoa kisu", nikijiona fundi. Dada yangu akausoma wote akidhani ni mwanamume, maana "a-" yetu haisemi. Ule haukuwa mvuto, ulikuwa ukungu.

Dalili ya ugonjwa ni rahisi kuiona: pigia mstari kila "alikuwa ame-" kwenye ukurasa wa kwanza. Moja haidhuru. Zikifuatana nne, jua tukio lako limesimama.

Hata Homeri, mshairi wa Ugiriki ya kale, alilijua hili. Utenzi wake, Odisea, unapoanza, shujaa Odiseo amekwama kisiwani kwa Kalipso, na masaibu mengi ya njiani tunayasikia baadaye, kwa mdomo wake. Anayasimulia kwa sababu mwenyeji wake, mfalme, amemwona akilia karamuni na kumuuliza yeye ni nani. Yaani historia imetoka kwa sababu mtu ndani ya hadithi aliihitaji.

Nilimweleza hayo mwandishi wa Juma. Akanijibu kwa uchungu, "Sasa msomaji atajuaje kwamba ni yatima?"

Mwache akamatwe, mdogo wangu. Askari wa kwanza tu atamuuliza jina la baba na namba ya kumpigia.