Nipo jamani, vidole ndivyo havipo

Mnauliza nimepotelea wapi na video zangu za kupika pweza huko YouTube. Sijafa, sijafungwa, wala sijaoa kimya kimya. Nilikuwa Tandahimba, shambani kwa mjomba. Alipiga simu Oktoba: "Mpwa, njoo siku tatu tu, korosho zinaanguka." Siku tatu za mjomba ni siku 31. Unainama unaokota, unanyonga korosho kutoka kwenye bibo, unaanika, kisha unabeba gunia. Mgongo wangu sasa una kona kama ya kushukia Mikindani.

Nilipanga usiku niwe nahariri video. Thubutu! Usiku bibi anachoma korosho za kula nyumbani, wote tunakaa kubangua. Akaniambia nipake majivu mikononi, maana mafuta ya ganda yanaunguza. Mimi, mpishi wa pweza mwenye watazamaji, nipake majivu? Siku mbili baadaye vidole vikawa vyeusi, halafu vikabambuka. Naweka kidole simu ifunguke, simu inanikana kama mdaiwa. Namba ya siri nayo nilishaisahau, kwa kuviamini vidole. Nilikuja kuikumbuka siku ya tisa: mwaka aliozaliwa mtu tuliyeachana. Tusilijadili.

Niliporudi Mtwara nikapakia video ya dakika 10 niliyorekodi kwa 4K. Gigabaiti 3 na ushee! Intaneti yangu inapandisha megabiti 1 kwa sekunde, kwa hiyo ni saa saba na zaidi, na bando likakata roho katikati. Yote hayo ili ninyi mwangalie kwa 360p mkibana bando. Msibishe, nawajua.

Sasa nahifadhi kwa 1080p, megabiti 8 kwa sekunde. Dakika zile zile 10 zinakuwa megabaiti 600 hivi, zinapanda kwa saa moja na dakika 20. Pweza bado anaonekana ni pweza.

Likabaki jambo la muda. Niliwaahidi saa 2 usiku, nikaingia YouTube Studio, nikapanga 2:00 AM, nikalala kwa raha zangu. Kumbe ile ni saa 8 ya usiku wa manane! Video ikatoka popo wakiwa kazini. Watazamaji watatu, na mmoja ni mimi niliyeamka kwenda chooni. Saa 2 usiku yetu ni 20:00, au 8:00 PM. Nimeiandika ukutani kwa mkaa, mwenye nyumba amekasirika.

Basi ratiba ni hii: Jumatatu narekodi, Jumanne na Jumatano nahariri, Alhamisi usiku napakia na kuipanga, Ijumaa saa 2 usiku mnaipata. Safari hii sikuahidi mikono mitupu. Video tatu zimeshapanda na zimefichwa zikisubiri Ijumaa zao, kwa hiyo hata mjomba akiniita tena nina wiki tatu za kubeba magunia kabla hamjashtuka.

Simu inaita. Ni mjomba. Pokeeni ninyi.