Hashtagi ipi ikatwe? Ufikiaji wa posti za nyuma unaweza kudanganya

Muuzaji wa vitenge wa Kariakoo anayetegemea Instagram mara nyingi ana orodha ndefu ya hashtagi kwenye noti za simu, na amezoea kuibandika yote kwenye kila posti. Kwa miaka mingi mtandao huo uliruhusu hashtagi 30 kwa posti moja, ila mwaka 2021 wenyewe walianza kuwashauri watu watumie 3 hadi 5. Kwa hiyo kupunguza hakuna mjadala. Watu wanabishana juu ya kipimo: je, posti za nyuma zinaweza kutuambia ipi ibaki?

Wanaosema zinaweza wana njia rahisi. Unaandika posti zako kwenye jedwali, kila moja na idadi ya akaunti ilizofikia, kisha kwa kila hashtagi unalinganisha posti zilizokuwa nayo na zile ambazo hazikuwa nayo. Walio makini hutumia namba ya kati, yaani ile inayokaa katikati ukizipanga kwa ukubwa, badala ya wastani, kwa sababu posti moja iliyosambaa kupita kiasi inatosha kuipandisha chati hashtagi ambayo haikufanya lolote. Hapo nawaunga mkono moja kwa moja.

Upande wa pili wanauliza swali gumu: hiyo namba ni ya hashtagi, au ni ya posti nzima? Ufikiaji unaoonekana kwenye Insights, ukurasa wa takwimu za akaunti yako, unajumlisha wafuasi wako, waliopendekezewa na mfumo, waliotumiwa na marafiki, na wale wachache waliopitia hashtagi. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amerudia mara kadhaa kwamba hashtagi haziongezi ufikiaji kwa kiasi kikubwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuzaji wetu ana posti 20, na #kariakoo imo kwenye 8. Namba ya kati ya hizo 8 ni 1,000, na ya zile 12 zisizo nayo ni 540. Mtu angesema #kariakoo ni dhahabu. Lakini tazama aina ya posti: kati ya zile 8, 6 ni Reels, kati ya zile 12, Reels ni 2 tu. Ukitenganisha, Reels zenye #kariakoo zina 1,050 na zisizo nayo 1,000. Picha zenye nayo zina 540, zisizo nayo 530. Pengo kubwa limeyeyuka. Kilichokuwa kinapimwa ni video dhidi ya picha, na hashtagi ilikuwa abiria tu.

Kwenye Google Sheets, kama safu ya B ina aina ya posti, C ina ufikiaji na D ina 1 pale hashtagi ilipotumika (0 pale isipotumika), utenganisho huo ni mstari mmoja:

```
=MEDIAN(FILTER(C2:C21,B2:B21="Reel",D2:D21=1))
```

Badilisha 1 iwe 0 upate upande wa pili.

Kuna mtego mwingine ambao hesabu hii haiutatui. Aliyebandika orodha ileile kila siku hana posti ya kulinganishia. Hashtagi zake zote zitatoka na alama sawa, na hakuna fomula itakayozitofautisha. Halafu kuna tarehe. Desemba 2024 Instagram iliondoa uwezo wa kufuata hashtagi, kwa hiyo posti za kabla ya hapo zilipata watazamaji kwa mlango ambao sasa umefungwa. Ukizichanganya na za sasa unapima mtandao wa zamani. Mimi ningezitupa zote nje ya jedwali.

Je, tuache kulinganisha? Hapana, naona kuna kazi moja ambayo hesabu hii inaiweza: kutoa ushahidi wa kufuta. Hashtagi iliyopewa nafasi kwenye posti nyingi za aina moja, bila kuonyesha tofauti yoyote, haina hoja ya kuendelea kukaa. Ila kumtangaza mshindi kwa data ya nyuma ni kujipa uhakika usiokuwepo. Kwa hilo gawa zilizobaki katika makundi mawili, uyapokezane posti kwa posti, aina ileile na saa zilezile, mpaka kila kundi liwe na posti za kutosha kiasi kwamba posti moja ikitolewa jibu halibadiliki.

Hata #kariakoo ya mfano wetu nisingeifuta haraka. Ufikiaji hauhesabu nani kauliza bei. Hashtagi pana kama #fashion inaweza kuleta macho ya watu walio Brazil ambao hawatanunua hata doti moja, wakati ya mtaa ikileta watu 12, na 2 kati yao wakaulizia duka liko upande gani. Kabla ya kuikata, ongeza safu moja ya meseji za kuuliza bei kwenye jedwali lilelile, na uiache ijae kwanza.